Zawadi ya kuagiza kwa euro na fedha yetu inashuka: ninunue sasa au nisubiri punguzo la Novemba?

Kipanga (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, mpwa wangu anahitimu masomo katikati ya Januari, nami nimeamua kumzawadia darubini ya kutazamia nyota, kwa kuwa tangu utotoni hazungumzi jambo jingine. Nimeipata kwa muuzaji aliye Ulaya kwa euro 240, na kuisafirisha ni euro 30. Leo ni mwanzo wa Agosti. Miezi mitatu iliyopita euro moja ilikuwa 92 kwa fedha yetu, leo ni 100. (Nimeikaribisha kwenye 100 ili hesabu iwe nyepesi na kila mmoja aweze kuweka kiwango cha kwake.)

Muuzaji huyu amekuwa akitoa punguzo la asilimia 15 mwishoni mwa Novemba kwa miaka miwili mfululizo. Swali langu ni moja: ninunue sasa kabla fedha haijashuka zaidi, au nisubiri punguzo huku nikihatarisha kulipa kwa kiwango kibaya zaidi? Fedha ninayo, sikopi. Iko kwenye akaunti ya akiba inayonipa faida ya asilimia 8 kwa mwaka.

Nahodha77

Mkuu, nunua leo. Fedha iliyoshuka kutoka 92 hadi 100 ndani ya miezi mitatu itafika 108 kabla ya Novemba, na punguzo lako lote litakuwa limemezwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Karani_wa_Mizigo

Nimefanya kazi ya kuagiza bidhaa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni hilo la kuamini kwamba mwendo wa miezi mitatu iliyopita ni ahadi ya miezi mitatu ijayo. Mwaka 2024 yeni ya Japani ilishuka hadi takriban 160 kwa dola moja mwanzoni mwa Julai, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba itaendelea kushuka. Mapema Agosti ilikuwa imerudi hadi karibu 142. Walioharakisha kununua dola katika wiki ile ya mwanzo wa Julai walinunua kwenye kilele. Mwaka 1983 wachumi Meese na Rogoff walionyesha kwamba, kwa vipindi vifupi, miundo ya kitaalamu ya wakati wao haikuweza kutabiri viwango vya fedha vizuri zaidi ya mtu anayesema tu kwamba kesho itakuwa kama leo. Kwa hiyo Nahodha anaweza kupatia, lakini hajui, nami pia sijui.

Tusibashiri basi. Badala ya kuuliza kiwango kitakuwa ngapi, uliza ni lazima kifike wapi ndipo kusubiri kuwe hasara. Hilo linaweza kuhesabiwa.

Ukinunua leo unalipa euro 270 pamoja na usafiri, yaani 27,000. Tuchukulie kwamba benki yako inatoza asilimia 2.5 kwa kulipa kwa fedha ya kigeni, nayo ni 675. Mzigo ukifika, tuchukulie kwamba ushuru na kodi kwa pamoja ni robo ya thamani ya bidhaa na usafiri, yaani 6,750. Jumla ni 34,425. Angalia kwamba kila sehemu ya jumla hiyo imefungwa kwenye euro: kiwango kikipanda kwa asilimia 5, jumla yote inapanda kwa asilimia 5 na kuwa takriban 36,150. Ndiyo maana mshuko wa fedha huuma zaidi ya bei unayoiona kwenye tovuti.

Sasa subiri hadi Novemba. Punguzo la asilimia 15 kwenye 240 ni euro 36, kwa hiyo pamoja na usafiri unalipa euro 234 badala ya 270. Punguzo hilo halikatwi kwenye usafiri, na hapo ndipo asilimia 15 inakuwa kama 13 tu. Pamoja na ada ya benki na ushuru, euro 234 zinakuwa kama kulipia euro 298.35, na ukigawanya 34,425 kwa hizo ili ujue kiwango gani kinakurudisha kwenye gharama ileile ya leo, unapata takriban 115, na huo ndio mpaka wa kusubiri. Ukiongeza faida ya akiba yako ya miezi minne, ambayo kwa kiasi hicho ni kama 918, mpaka unasogea hadi zaidi kidogo ya 118.

Maana yake ni kwamba hata ubashiri wa Nahodha ukitimia na euro ikafika 108, kusubiri bado kunakupa nafuu, mradi punguzo lije. Lisipokuja, mpaka unashuka hadi karibu 102.7, kwa sababu kinachokukinga kinabaki kuwa faida ya akiba peke yake.

Nahodha77

Nakubali hesabu, mzee, ila maneno yako ya mwisho ndiyo yenye uzito. Muuzaji anaweza kupandisha bei Oktoba halafu akatangaza "punguzo" la asilimia 15 Novemba, ukajikuta unalipa euro 240 zilezile.

Karani_wa_Mizigo

Hapo umesema kweli, na kuna njia ya kulikagua. Tangu mwishoni mwa Mei 2022 wauzaji walio ndani ya Umoja wa Ulaya wanaotangaza punguzo wanatakiwa kuonyesha pia bei ya chini kabisa waliyotumia katika siku 30 zilizotangulia. Kwa hiyo Kipanga asiitazame asilimia iliyoandikwa kwa wino mwekundu, aitafute ile bei ya siku 30 na kulipima punguzo dhidi yake. Hata hivyo, anayepandisha bei mwezi Septemba anaweza kuipita kanuni hiyo, kwa hiyo chukua picha ya ukurasa leo na uihifadhi.

MamaPacha

Mimi nina yangu ya kusimulia, na sitaki kumvunja moyo mleta uzi. Mwaka juzi fedha yetu ilipokuwa inateleza niliwaagizia wanangu viatu vya zawadi miezi mitano kabla ya siku yenyewe. Vilikuwa vya euro 120 na niliviagiza euro ikiwa 108. Niliviweka kabatini bila kuvifungua. Siku ilipofika, mmoja vilimtosha, mwenzake mguu ulikuwa umekwisha kukua. Muuzaji alikuwa mwungwana, akakubali kuvipokea vyote ingawa muda wa kurudisha ulikuwa umepita. Lakini fedha ilirudi kwa kiwango cha siku ya kurejeshwa, ambacho kilikuwa 101. Nilipoteza 840 bila mtu yeyote kunidhulumu, tena bila kuhesabu usafiri wa kurudisha na ushuru nilioulipa mpakani, ambao sikujua kama unadaiwa wala nilipaswa kuudai wapi.

Kwa hiyo Kipanga, ukinunua mapema, fungua sanduku siku linapofika. Kioo cha darubini kikiwa na ufa, utajua Agosti badala ya Januari mbele ya wageni.

Karani_wa_Mizigo

Nashukuru kwa hilo, Mama Pacha. Kwa manunuzi ya mtandaoni, sheria ya Umoja wa Ulaya humpa mlaji siku 14 tangu kupokea bidhaa za kubadili nia bila kutoa sababu. Wauzaji wengine huongeza hadi 30 kwa hiari yao, na kwa mnunuzi aliye nje ya Umoja huo masharti ya muuzaji ndiyo ya kusoma kwanza. Kwa vyovyote vile, ukinunua miezi mitano kabla ya siku ya kutoa zawadi, mlango wa kurudisha umefungwa kabla mpokeaji hajaiona. Waranti nayo kwa kawaida huanza kuhesabiwa tangu mzigo unapokabidhiwa. Hizo ni gharama za kuwahi ambazo hazionekani kwenye kiwango cha fedha, nami nilizisahau katika hesabu yangu ya juu.

Tumbiri

Naomba kuuliza kuhusu hili hili. Mimi namtumia dada yangu aliye nje fedha ili ajinunulie zawadi mwenyewe, na kila mara anapokea pungufu. Je, nitume sasa au nisubiri fedha yetu ipande?

Karani_wa_Mizigo

Ndugu Tumbiri, hilo ni suala la ada za kutuma fedha, na linastahili uzi wake. Kwa kifupi tu: kama dada yako anapokea pungufu hata katika wiki ambazo kiwango hakikusogea, basi anayekula ni wakala wa kutuma fedha aliye katikati yenu, si soko la fedha. Linganisha kiwango anachokupa na kiwango cha katikati kinachotangazwa siku hiyo, utaiona tofauti.

Kipanga

Nina swali la pembeni kidogo. Kila jioni nafuatilia habari za biashara, na wanasema fedha yetu imetulia dhidi ya dola kwa wiki kadhaa sasa. Mbona basi euro inaendelea kupanda?

Karani_wa_Mizigo

Kwa sababu unalipa kwa euro, na unasikiliza habari za dola. Mwaka 2025 euro ilipanda dhidi ya dola kutoka takriban 1.04 mwanzoni mwa mwaka hadi takriban 1.17 mwishoni mwa Juni. Mtu ambaye fedha yake haikusogea hata nukta dhidi ya dola katika miezi hiyo sita alikuta kila kitu cha euro kimepanda kwa zaidi ya asilimia 12, na taarifa ya habari ikawa inamwambia kwamba mambo yametulia. Angalia jozi yako mwenyewe, yaani euro kwa fedha yenu.

Jambo la pili linalowachanganya wengi ni siku gani kiwango hufungwa. Watu hudhani kwamba wakibonyeza kitufe cha kulipa, kiwango kimekwisha kushikwa. Wauzaji wengi huiomba benki izuie kiasi hicho kwanza, halafu wanatoza hasa siku mzigo unapoondoka ghalani, na kiwango kinachotumika ni cha siku muamala unapochakatwa. Kama bidhaa haipo na unaambiwa itatoka baada ya wiki sita, umeagiza mapema bila kukwepa kiwango cha wiki sita zijazo. Ukitaka kuwahi kwa sababu ya fedha, hakikisha kwanza kwamba bidhaa ipo na kwamba utatozwa sasa.

Na la tatu ni forodha. Mzigo wako hautathaminiwa kwa kiwango ulicholipia. Forodha hutumia kiwango ilichokitangaza yenyewe kwa kipindi husika, na kinachohesabika ni kile cha wakati tamko la mzigo linapowasilishwa. Niliwahi kuona mteja amelipia bidhaa kwa kiwango kizuri, mzigo ukakaa njiani miezi miwili, na ushuru ukapigwa kwa kiwango kipya. Alidhani amekosewa, lakini karatasi zake zilikuwa sawa kabisa.

Nahodha77

Mzee, na duka la hapahapa je? Juzi nimeiona darubini inayofanana na hiyo dukani na bei yake haijasogea tangu mwanzo wa mwaka. Nadhani hakuna haja ya kuagiza. Bei za madukani hazifuati haya mambo ya viwango.

Karani_wa_Mizigo

Zinafuata, ila kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko nafasi pekee ninayoiamini ya kununua mapema na kuokoa fedha bila kubahatisha.

Mwenye duka aliiagiza ile darubini euro ilipokuwa 92 au chini ya hapo. Alikwisha kuilipia, na maadamu iko rafuni haimdai chochote kipya. Wengine hupandisha bei siku ileile kwa sababu wanawaza gharama ya kujaza tena ghala, lakini wengi huiacha hadi shehena mpya ifike, hasa kama mshindani wa jirani naye ana mzigo wa zamani. Shehena mpya ikishushwa, bei inapanda kwa mkupuo mmoja. Kushuka ni hadithi nyingine: fedha ikipata nguvu, bei hurudi polepole, na pengine hairudi yote.

Unajuaje kwamba mlango unakaribia kufungwa? Sisi tulipokuwa na wasiwasi na fedha, jambo la kwanza kubadilika halikuwa bei, bali muda wa makadirio tuliyowapa wateja. Karatasi iliyokuwa ikisema bei hii ni halali kwa siku 30 ilianza kusema siku 7, kisha ikasema bei itathibitishwa siku ya malipo. Ukiiona lugha hiyo, jua kwamba mwagizaji ameshaanza kuhesabu kwa kiwango kipya. Na muulize muuzaji swali la moja kwa moja: bidhaa ipo hapa, au utaniagizia? Kama ni ya kuagizwa, bei ya kwenye ubao haina maana.

Kwa hiyo, Nahodha, "nunua leo" yako ni sahihi kwa kitu kilicho rafuni kwa bei ya zamani. Kwa kitu kilichoandikwa bei kwa euro huko kiliko, hakuna bei ya zamani ya kuwahi. Kiwango kimekwisha kuingia.

Siwa

Naona wote mnaongea kana kwamba ni lazima kununua kitu ili kushika kiwango. Mimi nina akaunti ya euro. Ningenunua euro 234 leo, nikaziacha pale, na kusubiri punguzo nikiwa nimetulia. Kiwango kimeshikwa, bidhaa haijashikwa, na muda wa kurudisha haujaanza kuhesabiwa. Tena ukilipa kwa kadi ya akaunti hiyo, ile asilimia 2.5 haipo.

Karani_wa_Mizigo

Ni njia nzuri kwa mwenye akaunti hiyo, na yenye ada ndogo. Nina mashaka mawili tu. Benki haitakuuzia euro kwa 100. Itakuuzia pengine kwa 101 na nusu au 102, na ukighairi itazinunua kwako kwa 98. Pengo hilo ndilo bei ya utulivu wako. Na kodi ya mpakani bado utailipa kwa fedha ya nyumbani kwa kiwango cha wakati huo, kwa hiyo umekinga sehemu kubwa ya hatari lakini si yote.

Kuna na faida ya akiba unayoiacha. Asilimia 8 nyumbani dhidi ya karibu sifuri kwenye euro si bahati nasibu. Mara nyingi riba kubwa ya fedha fulani ni kama fidia ambayo soko linakulipa kwa sababu linatarajia fedha hiyo ishuke. Ukiikimbia, unaiacha na fidia yake.

Siwa

Hapo sikubaliani nawe, mzee wangu. Fidia hiyo kwa miezi minne ni chini ya asilimia 3. Nimeona fedha ikipoteza zaidi ya hapo katika wiki moja. Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuzuia faranga isipande, faranga iliruka ndani ya dakika chache, na aliyekuwa na ankara ya saa ya Uswisi ambayo hajailipa aliamkia bei nyingine kabisa. Anayekingia mshtuko kama huo halipii wastani, analipia usingizi.

Karani_wa_Mizigo

Kwa ankara ya kampuni ningekuunga mkono bila kusita. Kwa zawadi moja ya euro 240 naona ni dawa kali kwa mafua. Lakini nakubali kwamba wastani haumsaidii mtu aliyepatwa na siku kama ile.

MamaPacha

Samahani, hakuna aliyetaja kalenda. Punguzo ni mwishoni mwa Novemba, mahafali ni katikati ya Januari, na Desemba ndio mwezi ambao vifurushi vyote vya dunia viko njiani. Mzigo ukikwama mpakani wiki tano, nafuu ya asilimia 13 itampa mpwa bahasha yenye picha ya darubini.

Kipanga

Nawashukuru wote. Nimemwandikia muuzaji kuuliza mambo mawili: kama bidhaa ipo ghalani, na kama anatoza siku ya kuagiza au siku ya kutuma. Amejibu kwamba ipo na anatoza akituma, kwa kawaida ndani ya siku mbili. Kuhusu usafiri amesema ni siku 10 hadi 18, bila kuahidi lolote kwa Desemba.

Pia nimepita lile duka alilolitaja Nahodha. Darubini iliyopo ni ya kipenyo kidogo, milimita 70, na ninayoitaka ni ya 114, kwa hiyo kufanana kwake ni kwa umbo tu. Ila muuzaji ameniambia anaweza kuniagizia ya 114, na karatasi ya makadirio aliyonipa ina maneno yaleyale ya mzee: bei itathibitishwa siku ya malipo.

Nimeamua kusubiri Novemba, kwa mpaka wa 115. Nimeuandika mpaka huo pamoja na tarehe kwenye daftari, na picha ya ukurasa wa leo nimeihifadhi. Euro ikigusa 112 kabla ya hapo, nitanunua siku hiyohiyo bila kungoja punguzo, nikubali kwamba nimelipa zaidi ya leo.

Siwa

Ndugu Kipanga, hapo pana kasoro. Ikigusa 112 ukanunua kwa bei kamili, utakuwa umelipa asilimia 12 zaidi ya leo na kulikosa punguzo. Kwa hesabu za mzee mwenyewe, kwenye 112 kusubiri bado kuna nafuu. Kanuni yako inakufanya ununue kwa hofu katika wakati mbaya kuliko yote.

Kipanga

Nimeirudia hesabu na ni kweli. Lakini nikiwa kwenye 112 sitajua kama itarudi 105 au itaendelea hadi 125 kabla ya Novemba. Ungefanya nini hapo?

Siwa

Ningenunua nusu ya euro zangu leo.

Karani_wa_Mizigo

Nami nisingefanya kitu hadi Novemba, ila ningeagiza siku ya kwanza ya punguzo, si ya mwisho. Mama Pacha ana haki kuhusu Desemba.